Wati Zilizobaki

Muuzaji wa paneli za mtumba Kariakoo huwa na onyesho moja analolipenda kuliko yote. Anaiinua paneli iliyoegemezwa ukutani, anaielekeza juani, anachomeka ncha mbili za multimita kwenye waya za nyuma, kisha anakugeuzia kioo usome mwenyewe: volti 34. Chini ya hapo, kwenye lebo, pameandikwa 37. "Unaona, mama? Imepungua kidogo tu, na hiyo ni sababu ya joto. Nzima kabisa hii, ya Mjerumani."

Mama aliyeambiwa maneno hayo ana duka Chanika. Alitaka umeme wa kuendesha jokofu la vinywaji na taa zake, na alinichukua niwe macho yake. Muuzaji hakumdanganya. Volti zilikuwa 34 kweli, na joto hupunguza volti kweli. Shida ni kwamba kipimo kile hakijibu swali alilokuja nalo. Paneli ikiwa juani huonyesha karibu volti zake zote, mara nyingi hata kama ndani imeoza. Ni kama presha ya maji kwenye bomba lililofungwa: geji itasimama palepale hata bomba likiwa limejaa kutu. Kutu utaijua ukifungua koki.

Paneli hizi zinatoka wapi, na kwa nini ni nyingi? Ujerumani ilipitisha sheria yake ya nishati jadidifu mwaka 2000, ikamhakikishia mwenye paneli bei maalumu ya umeme wake kwa miaka 20. Waliokuwa wa kwanza kabisa bei yao ilikoma mwisho wa 2020, na kila mwaka wengine wanafuata. Wapo ambao hata hawangoji: paa ni lile lile, lakini paneli ya leo ya ukubwa ule inatoa wati nyingi zaidi, basi wanashusha za zamani wanapandisha mpya. Nyingine zimeshushwa baada ya mvua ya mawe, kuungua kwa nyumba, au kesi ya bima. Kwa hiyo rundo moja la mtumba lina paneli iliyostaafu kwa heshima na paneli iliyofukuzwa kazi, na zote zimeoshwa zinang'aa.

Kuna karatasi moja ambayo wanunuzi wetu hawaiulizi. Chini ya maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2012 kuhusu taka za umeme, kifaa kinachosafirishwa nje kama mtumba lazima kiwe na ushahidi kwamba kilipimwa na kinafanya kazi. Kisipokuwa nao, kinahesabiwa kuwa taka. Aliyeleta kontena kihalali anapaswa kuwa na orodha ya namba za paneli pamoja na matokeo ya vipimo. Ukiiomba, ukapewa, na namba zikalingana na zilizo kwenye lebo, nusu ya kazi imekwisha. Ukiiomba ukachekwa, pima mwenyewe, na bei ishuke kwa sababu hiyo.

Kabla ya kupima chochote, soma lebo huku ukitilia shaka, kwa kuwa lebo ni stika na stika hubandikwa. Njia nyepesi ya kumshika mwongo ni futi ya fundi seremala. Paneli za kizazi kile, zenye seli 60 za rangi ya buluu yenye mabaka, huwa na urefu wa mita 1.65 na upana wa karibu mita moja. Jua kali la adhuhuri hushusha wati 1,000 hivi kwenye kila mita ya mraba, na seli za aina ile hubadilisha asilimia 15 au 16 tu kuwa umeme. Zidisha, unapata wati 250 hivi. Akikuonyesha paneli ya umbo hilo, ya mabaka ya buluu, na lebo inayosema wati 350, huna haja ya kubishana. Weusi wa sare wa seli za kisasa unaweza kufika asilimia 20 na zaidi. Buluu ya mabaka haifiki.

Kisha hesabu seli, kwa sababu idadi yake ndiyo inayoamua paneli itafanya kazi na nini. Yenye seli 36 ilitengenezwa kwa betri ya volti 12. Yenye seli 60 hufanya kazi karibu na volti 30, nayo haikutengenezwa kwa betri yoyote. Ilikusudiwa kuungwa na wenzake kwenye gridi. Hapa ndipo watu wengi wamepotezea fedha bila mtu kuwaibia. Wananunua paneli ya wati 250, wanaiunga kwenye betri ya volti 12 kupitia chaji kontrola ya bei rahisi iliyoandikwa PWM. Kontrola hiyo haibadilishi chochote, inaifungulia paneli mlango tu, na betri inaivuta paneli hadi volti 13 hivi. Ampea nane mara volti 13 ni wati 104. Zaidi ya nusu ya ulichonunua inabaki juu ya paa. Kontrola iliyoandikwa MPPT inaweza kuchukua volti 30 ikazigeuza kuwa ampea zaidi, lakini bei yake ni kubwa mara kadhaa, na ni lazima iingizwe kwenye hesabu ya "paneli rahisi" tangu mwanzo. Nikikutana na aliyekwisha nunua PWM, humwambia atafute paneli za seli 36 au auze kontrola, na sijawahi kushukuriwa.

Sasa geuza paneli, utazame mgongo. Kioo cha mbele hudanganya kwa kuwa kimeoshwa, mgongo hauoshwi. Pitisha kidole kwenye ile karatasi nyeupe ya plastiki: kikitoka na unga kama wa chaki, plastiki imeanza kufa. Ukiona nyufa ndefu zinazofuata mstari wa seli, weka chini. Zipo paneli za miaka ya mwanzo ya 2010 ambazo mgongo wake ulitengenezwa kwa plastiki iliyokuja kupasuka vibaya, zikashushwa kwenye mapaa ya Ulaya zikiwa bado changa, na umri mdogo kwenye lebo ndio unaozifanya zivutie. Mgongo uliopasuka huingiza unyevu, na kwa mtu wa pwani hilo ni suala la mvua moja ya masika. Tafuta pia doa la kahawia au malengelenge nyuma ya seli moja. Seli hiyo imekuwa ikiungua kila siku. Fungua kiboksi cha waya kama kinafunguka, unuse, utazame kama vidayodi vimebadilika rangi. Viungio vya MC4 vikiwa vimeyeyuka au vimekatwa, gharama ya vipya ni ndogo, ila jiulize ni nini kilichoviyeyusha.

Mbele, tofautisha uzee na ugonjwa. Rangi ya manjano katikati ya seli ni uzee, inapunguza mwanga kidogo, inakubalika. Vistari vya kijivu vinavyopita juu ya seli kama njia ya konokono mara nyingi hufuata nyufa ndogo zisizoonekana. Chukua paneli hiyo ikiwa tu vipimo vimeitetea. Lakini povu lililoanzia katikati likafika kwenye fremu ya alumini ni njia ya maji na ya umeme kufikia mkono wa mtu. Hiyo siichukui hata bure.

Turudi kwa mama wa Chanika. Mbele yetu kulikuwa na paneli kumi na nne za aina moja, za wati 250, na bei shilingi 90,000 kila moja. Lebo ilisema Voc 37.6, Isc 8.7, Vmp 30.4, Imp 8.2. Maneno hayo manne yanatosha kwa kazi yote: la kwanza ni volti paneli ikiwa haijaungwa na kitu, la pili ni ampea waya zake zikigusanishwa, na mawili ya mwisho ni volti na ampea inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Namba za lebo hupimwa maabara, seli zikiwa na nyuzi 25 na jua likiwa kamili. Kariakoo saa sita mchana hakuna seli yenye nyuzi 25.

Mgongo wa paneli ulikuwa na nyuzi 55 kwa kipimajoto cha mkononi. Volti za paneli hizi hushuka kwa takriban asilimia 0.32 kwa kila nyuzi inayozidi 25. Nyuzi 30 za ziada zinaondoa karibu asilimia 10, kwa hiyo tulitegemea volti 34. Ya kwanza ilitoa 33.6. Safi. Iwapo ingetoa 22 au 23, ningejua kwamba dayodi moja kati ya tatu za nyuma imeungua na kuunganisha waya zake, na theluthi ya paneli imezimika. Hilo ndilo jambo moja ambalo onyesho la muuzaji linaweza kulifichua, na ni haki nilitaje.

Baada ya volti ni ampea, na hapa jua lenyewe linahitaji kupimwa. Ampea hufuata mwanga moja kwa moja, na wingu jepesi usilolitambua kwa macho linaweza kula robo yake. Bila kifaa cha kupima jua, tumia paneli unayoiamini. Muuzaji huyo huyo alikuwa na paneli mpya dukani. Tuliilaza kando ya ile ya mtumba kwa mwelekeo ule ule, tukapima kwa klampu mita ya umeme wa betri: lebo yake Isc 13.9, tukapata 12. Basi jua la wakati ule lilikuwa asilimia 86. Ya mtumba ilipaswa kutoa 7.5, ikatoa 7.1. Imepoteza asilimia tano tu, kwa paneli ya miaka kumi na kitu hakuna cha kulalamikia. (Kugusanisha waya za paneli moja hakuiumizi. Ila usizichomoe kwa kusitasita, cheche yake huunguza, na usiingize ampea 12 kwenye multimita ya ampea 10.)

Vipimo viwili vilikuwa vimepita, na muuzaji alishaanza kuhesabu paneli za kupakia. Tulibakisha kufungua koki.

Unahitaji mzigo, kitu kinachokula umeme wa paneli wakati unapima. Nabeba balbu mbili za taa kubwa za lori, za volti 24, ambazo nimeziunga sambamba na kuzifunga kwenye ubao. Kwa paneli ya seli 60 zinakaribia kiasi kinachofaa. Nikiziunga kwenye paneli nzima ya wati 250 kwenye jua kama lile, waya hubaki na volti 28 hivi. Kwenye ile ya kwanza zilishuka hadi 25.5, na klampu ikaonyesha ampea 6. Zidisha: wati 153.

Je, zilipaswa kuwa ngapi? Jua asilimia 86 ya wati 250 ni 215. Joto hupunguza nguvu ya paneli hizi kwa takriban asilimia 0.43 kwa kila nyuzi, kwa hiyo nyuzi 30 zinaondoa asilimia 13. Zinabaki wati 187. Paneli yetu ilitoa asilimia 82 ya hizo. Balbu hazikamui hadi tone la mwisho, basi nikaipa ukarimu wa asilimia mbili tatu nikaiandika wati 210. Volti bila mzigo zilikuwa asilimia 99 na ampea asilimia 95, lakini nguvu halisi iko chini zaidi ya hizo mbili. Kinachokula tofauti hiyo ni upinzani wa ndani: vilehemu vilivyolegea, utepe wa shaba uliopata kutu kati ya seli. Umeme ukiwa umesimama hautambui ubovu huo. Ukianza kutembea, unagharimia kila kiungo.

Tulipima zote kumi na nne, na kazi ilichukua chini ya saa mbili. Tisa zilitoa 210 au zaidi. Tatu zilishuka chini ya 180. Mbili zilikuwa na kisa kingine, nilichokiona tu kwa sababu nilisogeza rundo kivulini. Kivulini, paneli nzima ya seli 60 bado inashika volti 31 au 32. Hizo mbili zilianguka hadi 19 na 21, ilhali juani zilikuwa zimefika 32. Ndiyo dalili ya paneli zilizokaa kwenye mnyororo mrefu wa volti mamia, zikavujisha umeme kuelekea kwenye fremu kwa miaka hadi seli zikachoka. Adhuhuri zinajikaza, asubuhi na jioni na siku ya mawingu hazitoi kitu. Kipimo hicho hakigharimu chochote zaidi ya kivuli, na sijaona muuzaji anayekionyesha.

Tisa zilizopita bado zina swali la bei, na hapa ndipo nadhani soko letu limepotea zaidi kuliko kwenye ufundi. Muuzaji anakutajia paneli "iliyonunuliwa Ulaya kwa euro mia tatu". Huenda ni kweli, lakini haihusiani na leo. Bei ya paneli mpya imeporomoka mno. Mwaka 2024 kiwandani China wati moja iliuzwa kwa karibu senti kumi za dola. Mtumba wa gari hulinganishwa na gari jipya la leo. Paneli nayo ilinganishwe na wati mpya ya wiki hii, kwenye duka la jirani.

Siku ile paneli mpya ya wati 550 ilikuwa shilingi 275,000, yaani shilingi 500 kwa wati. Ile ya 90,000 ukigawa kwa wati 250 za lebo ni 360, inaonekana nafuu. Ukigawa kwa wati 210 ilizo nazo kweli ni karibu 430. Na bado hujapandisha juu ya paa. Mama alihitaji wati 2,200. Kwa mpya ni paneli nne, kwa mtumba kumi na moja. Kila paneli, iwe kubwa au ndogo, inataka vibano vyake, kipande cha reli, waya, viungio na muda wa fundi. Nilikisia 30,000 kwa kila kubwa na 25,000 kwa kila ndogo. Nne mpya: 1,100,000 na 120,000, jumla 1,220,000. Kumi na moja za mtumba: 990,000 na 275,000, jumla 1,265,000. Mtumba ulikuwa ghali kuliko upya, na ungekula mita 18 za mraba za paa badala ya kumi.

Namba hizo zitabadilika, njia haibadiliki. Chukua jumla ya mfumo mpya, toa gharama ya kufunga mtumba, gawa kwa idadi ya paneli za mtumba. Kwetu ilitoka karibu 86,000. Hiyo ni bei ambayo mtumba na mpya zinakuwa sawa, nayo si bei ya kulipa, kwa sababu paneli mpya ina dhamana na miaka 25 mbele yake, na hii haina dhamana na imeshatumia nusu. Mimi hukata theluthi moja au zaidi kutoka hapo. Nikasema 50,000, tukaishia 55,000, kwa tisa zilizopita peke yake. Ukigawa, ni shilingi 260 kwa wati iliyopimwa, yaani kama nusu ya wati mpya. Nimerudia hesabu hii mara nyingi na hutua karibu na nusu; chini ya hapo nunua, juu ya theluthi mbili huyo muuzaji anakuuzia kumbukumbu. Anayeweka paneli chini shambani kwa pampu ya maji, ambako eneo si tatizo na fremu ni miti, anaweza kupanda kidogo. Mwenye kibanda chenye bati finyu ashuke.

Mama alipata wati 1,900 kwa shilingi 495,000, akaona jokofu litamvumilia.

Inverta ni mnyama mwingine. Paneli huzeeka polepole kama mnazi, kila mwaka inapungua nusu asilimia au asilimia moja, unaweza kuipima na kujua imebaki kiasi gani. Inverta haipungui. Inafanya kazi kamili leo, kesho imekufa. Ndani yake kuna kapasita zenye majimaji yanayokauka, na maisha yake hupungua kwa nusu kila joto likiongezeka nyuzi kumi. Inverta iliyotundikwa miaka mitano chini ya bati Mbagala na ile iliyokaa ghala la baridi Bavaria si ndugu, hata kama zimetoka kiwanda kimoja na mwezi mmoja.

Mtego wa kwanza unakuja kwenye kontena lile lile la paneli. Ni kiboksi kizuri, kizito, cha jina kubwa la Ulaya, kwa bei ya kutupa. Kimetengenezwa kusukuma umeme kwenye gridi tu. Hakina sehemu ya betri, na kwa usalama wa mafundi wa laini kinajizima chenyewe gridi ikikatika. TANESCO ikikata, nacho kinakata, jua likiwa utosini. Pia kinataka volti mia na kitu kutoka kwenye paneli ndipo kiamke. Tafuta ubavuni alama ya betri na vituo viwili vinene vya waya. Visipokuwepo, acha. Ukiletewa inverta kutoka Amerika Kaskazini, tazama lebo kama ni volti 120 na hezi 60. Jokofu letu ni la 230 na 50.

Aliyoonyeshwa mama ilikuwa ya aina inayofaa, kilowati 5, betri ya volti 48, yenye MPPT ndani, shilingi 900,000. Muuzaji aliiwasha kwa betri, ikawasha balbu na kuchaji simu. Onyesho lingine la bomba lililofungwa. Inverta ya namna hii ina kazi nne: kugeuza betri kuwa umeme wa nyumba, kuchaji betri kwa umeme wa TANESCO, kuchaji kwa jua, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Kila kazi ina mzunguko wake ndani, na mmoja unaweza kufa wengine wakaendelea.

Tuliomba birika la wati 2,000 na pasi, tukaviunga pamoja. Kwa dakika 20 volti zilibaki 228, feni ikaongezeka kasi inavyopaswa, hakuna harufu. Kisha pampu ndogo ya maji, kwa sababu mota ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, na inverta iliyochoka hulia hapo. Ilipita. Tukaiunga TANESCO, ampea zikaingia kwenye betri. Tukachomoa, ikahama bila taa kuzimika. Kisha tukaunga paneli tatu kwa mfululizo kwenye mlango wa jua, baada ya kusoma ubavuni kwamba inakubali hadi volti 145 na kuhakikisha tatu zetu hazizidi 113. Kioo kikaonyesha volti za paneli, volti 101. Wati sifuri. Tukasubiri dakika tano. Sifuri.

Ndio ugonjwa wa kawaida wa inverta hizi, na chanzo chake huwa ni radi au fundi aliyeunga paneli nyingi kupita kiasi. Mlango wa jua huungua kwanza, kwingine kunabaki salama. Mwenye nayo anaweka kontrola ya pembeni au anaiuza. Nilipomwonyesha muuzaji alisema, "Kaka, mbona kwa betri inafanya vizuri?" Ni kweli ilifanya.

Ukiruhusiwa, fungua kifuniko. Skrubu zilizochubuka zinasema kuna aliyetangulia. Safu ya vipande vyeusi vya kubadili umeme inapaswa kuwa ya aina moja yote. Viwili vikiwa na maandishi tofauti na lehemu inayong'aa, ilishaungua ikatengenezwa. Kapasita zenye vichwa vilivyovimba, alama ya moshi, mayai ya mjusi na viota vya sisimizi kati ya nyaya: vyote hivyo nimeviona ndani ya kifuniko kilichofutwa vizuri nje. Zile nzito za zamani zenye transfoma kubwa, kilo 30 na zaidi, nazipendelea kwenye mtumba. Zinakula umeme hata zikiwa hazina mzigo, lakini zinavumilia mota, na fundi wa mtaani anazijua.

Kuhusu bei, inverta haina wati zilizobaki za kupima, kwa hiyo unapima miaka. Tafuta umri kwenye namba ya kifaa, au kwenye kioo penye jumla ya uniti ilizozalisha. Kwa aina ile nakubali miaka minane. Mpya ilikuwa 1,600,000, hii ilikuwa na minne, basi nusu ni 800,000. Nakata theluthi kwa kukosa dhamana, inabaki karibu 530,000, natoa 60,000 za kapasita na feni nitakazobadilisha hata kama hazijafa. Kama ingekuwa nzima, 470,000. Ikiwa mlango wa jua umekufa, toa pia bei ya kontrola ya pembeni ya MPPT, na kwa mfumo wa volti 48 kilichobaki hakikutosha kumfanya muuzaji acheke. Hatukununua.

Paneli tisa tuliziandikia risiti yenye namba ya kila moja, wati tulizopima, na siku saba za kurudisha. Muuzaji alisaini bila ubishi, nadhani kwa kuwa aliziona balbu zikiwaka. Ya saba, iliyokuwa na njia ya konokono kwenye kona, ilirudi siku ya tano. Ilipopandishwa paani seli ile ya kona ilichemka hadi mkono haushiki. Muuzaji akatupatia nyingine kutoka kwenye rundo jipya, nayo tukaipeleka kivulini kwanza.